Kikumbusho Kilie Kabla Pesa Haijakatwa: Mwongozo Kamili wa Kufuatilia Bili na Usajili

Watu wengi huweka kikumbusho siku ileile ya malipo. Simu inalia asubuhi, mtu anashika kichwa, kisha anafungua akaunti na kukuta pesa ilishakatwa usiku. Kwa bili ya kawaida hali ni hiyohiyo: tarehe ya mwisho imefika, benki inasema muamala utakamilika baada ya siku mbili za kazi, na faini inaanza kuhesabiwa. Kikumbusho kililia kweli, ila kililia wakati ambapo hakuna la kufanya.

Kwa hiyo kila malipo yanayojirudia yana tarehe mbili. Ya kwanza ni siku pesa inapotoka au bili inapofikia mwisho. Ya pili ni siku ya mwisho ambayo bado unaweza kutenda, iwe ni kulipa, kusitisha au kubadilisha kifurushi. Kampuni hukuambia ile ya kwanza. Ya pili unaikokotoa mwenyewe, na hiyo ndiyo inayoingia kwenye kalenda. Mwongozo huu unahusu namna ya kuipata tarehe hiyo na kuifanya ijirudie bila kuteleza.

Hatua ya kwanza: kusanya kila kinachokukata

Usianze kwa kukumbuka kichwani. Usajili unaosumbua ni ule uliousahau, na uliousahau hautakuja kwa kuufikiria. Chukua taarifa ya akaunti ya benki, ya kadi na ya pochi ya simu, kisha rudi nyuma miezi 13. Miezi mitatu haitoshi, maana ada ya mwaka huonekana mara moja tu. Hata miezi 12 kamili inaweza kuiruka kwa siku moja au mbili.

Pitia mstari kwa mstari. Jina linaloonekana kwenye taarifa mara nyingi si jina la huduma unayoijua. Linaweza kuwa la kampuni mama au la wakala wa malipo. Ukikutana na jina geni, chukua kiasi na tarehe yake, kisha tafuta risiti ya siku hiyo kwenye barua pepe. Hapo ndipo utajua ni nini.

Halafu fungua orodha za usajili zilizo ndani ya simu. Kwenye iPhone nenda `Settings`, gusa jina lako, kisha `Subscriptions`. Kwenye Android fungua Play Store, gusa picha ya wasifu wako, kisha `Payments & subscriptions`, halafu `Subscriptions`. Orodha hizi zinakuonyesha tarehe ya malipo yajayo, na hilo linapunguza kazi. Lakini zinaonyesha tu ulichojiunga nacho kupitia duka hilo. Huduma uliyoilipia moja kwa moja kwenye tovuti ya mwenyewe haimo humo, kwa hiyo usizifanye kuwa mbadala wa taarifa ya benki.

Kwa kila malipo andika mambo manne: jina la huduma, pesa inatoka wapi, inajikata yenyewe au unalipa kwa mkono, na tarehe ya malipo ya mwisho. Daftari linatosha.

Hatua ya pili: jua kampuni inahesabuje siku

Hapa ndipo vikumbusho vingi vinapoharibikia, kwa sababu mtu anachagua "kila mwezi" bila kuuliza mwezi wa kampuni ni upi.

Kuna zinazohesabu kwa tarehe ya kalenda. Ulijiunga tarehe 12, basi kila tarehe 12 unakatwa. Hizi ni rahisi, kikumbusho cha kila mwezi kinazifaa.

Kuna zinazohesabu siku 30, na nyingine siku 28. Hizi si za kila mwezi hata kama tangazo linasema hivyo. Chukua kifurushi cha siku 30 kilicholipiwa tarehe 3 Januari 2026. Malipo yanayofuata ni tarehe 2 Februari, kisha 4 Machi, 3 Aprili, 3 Mei, 2 Juni na 2 Julai. Agosti unalipa mara mbili, tarehe 1 na tarehe 31. Baadaye inakuja 30 Septemba, 30 Oktoba, 29 Novemba na 29 Desemba. Ukihesabu utapata malipo 13 ndani ya mwaka mmoja, na aliyeweka kikumbusho cha kila tarehe 3 atachelewa mwezi wa pili, na kuanzia Juni atakuwa nyuma ya ratiba kila mwezi. Kwenye kalenda, malipo ya aina hii yanawekwa kujirudia "kila siku 30", si "kila mwezi".

Kuna pia zinazohesabu kuanzia siku uliyolipa. Hivi ndivyo ilivyo kwa vifurushi vingi vya kulipia kabla: ukichelewa siku nne kuongeza, mzunguko mzima unasogea siku nne. Kikumbusho cha tarehe maalumu hakiwezi kufuata mwendo huo. Unahitaji kazi inayojirudia kuanzia siku ulipoitia alama ya kumaliza. Programu kadhaa za orodha ya kazi zinaweza hivyo. Kwenye Todoist, kwa mfano, alama ya mshangao ndiyo inayoleta tofauti:

```
every 30 days
every! 30 days
```

Mstari wa kwanza unahesabu kutoka tarehe ya awali, hata ukichelewa. Wa pili unahesabu kutoka siku uliyokamilisha kazi. Kama programu yako haina uwezo huo, weka kikumbusho cha mara moja, na kila ukimaliza kulipa andika kingine papo hapo, kabla hujaweka simu chini. Kuahirisha hatua hiyo hadi jioni ndiyo njia ya uhakika ya kuipoteza.

Mwisho kuna tarehe 29, 30 na 31. Kanuni ya kalenda za kielektroniki, ile inayoitwa RFC 5545 ya mwaka 2009, inasema tukio likiangukia tarehe isiyokuwepo linarukwa. Halisogezwi hadi siku iliyotangulia wala kuletwa siku inayofuata. Kikumbusho cha kila tarehe 31 kitalia mara saba tu kwa mwaka, na miezi mitano kitakaa kimya. Upande wa pili, mifumo mingi ya malipo hairuki: mwezi usio na tarehe 31 inakata siku ya mwisho ya mwezi huo. Yaani kalenda yako inanyamaza, lakini anayekukata yuko kazini.

Dawa yake ni ndogo: usiweke kikumbusho cha kila mwezi kwenye tarehe inayozidi 28. Kwa kuwa kikumbusho kinatakiwa kulia siku kadhaa kabla ya malipo, hupotezi kitu. Anayetengeneza faili zake za kalenda mwenyewe anaweza kutumia sheria ya siku ya mwisho ya mwezi, `RRULE:FREQ=MONTHLY;BYMONTHDAY=-1`, ila kwa wengi wetu tarehe 25 au 26 inamaliza kazi.

Hatua ya tatu: kokotoa siku ya kutenda

Anza na bili ya kulipa kwa mkono. Tuseme mwisho wa kulipa ni tarehe 5 ya kila mwezi, na unalipa kwa uhamisho wa benki unaochukua hadi siku tatu za kazi. Oktoba 2026, tarehe 5 ni Jumatatu. Pesa ikitumwa Jumatano tarehe 30 Septemba, inahesabiwa Alhamisi, Ijumaa, kisha Jumatatu yenyewe. Hiyo ndiyo siku ya mwisho salama, na ni siku tano kabla, si tatu. Ikiwepo sikukuu katikati, ongeza siku nyingine.

Huna haja ya kufanya hesabu hii kila mwezi. Tafuta tarehe moja inayohimili mwezi mbaya kuliko yote, nao ni Februari kwa ufupi wake. Kutoka 28 Februari hadi 5 Machi ni siku tano tu, na mwaka ambao tarehe 28 ni Jumamosi utumaji unaanza Jumatatu, kwa hiyo unafika siku ileile ya mwisho. Hapo hujabakiza nafasi ya kuteleza hata kidogo. Tarehe 26 inakupa pumzi. Basi kikumbusho cha bili inayoisha tarehe 5 kinakaa tarehe 26 ya mwezi unaotangulia, na hutakigusa tena.

Kwa usajili unaojihuisha wenyewe hesabu inategemea masharti ya kusitisha. Apple inataka usitishe angalau saa 24 kabla ya kipindi kuisha, maana malipo yanaweza kukatwa ndani ya saa hizo 24 za mwisho. Kumbuka pia kwamba saa ya kampuni si lazima iwe saa yako. Siku inaweza kuwa imeshageuka kwao ilhali kwako bado ni mchana wa jana. Mimi huwa nahesabu siku tatu kamili kwa usajili wowote wa mwezi, nikiacha hayo ya saa yajimalize yenyewe.

Mikataba ya mwaka ndiyo yenye mtego mkubwa, kwa sababu mingine inadai notisi. Mkataba unaoisha tarehe 9 Aprili na unaotaka notisi ya siku 30 umefungwa tangu tarehe 10 Machi. Anayekumbuka tarehe 1 Aprili akidhani amewahi, ameshalipa mwaka mwingine. Kwa mkataba wa namna hii weka vikumbusho viwili: kimoja tarehe 20 Februari cha kuamua kama bado unaitaka huduma, na kingine tarehe 5 Machi cha kutuma notisi. Kuamua na kutenda ni kazi mbili. Ukizibana kwenye siku moja, utaishia kusema "nitafikiria kesho".

Hatua ya nne: weka kwenye simu, na uchague chombo sahihi

Tukio la kalenda na kazi ya kwenye orodha havifanani. Tukio linalia, siku inapita, nalo linapita nayo, uwe umelipa au hujalipa. Kazi inabaki mbele yako hadi uitie alama. Kwa bili ya kulipa kwa mkono tumia kazi, iwe kwenye Google Tasks, Reminders ya Apple au programu yoyote unayoifungua kila siku. Kalenda iachie yale yanayojikata, ambako unachohitaji ni kuangalia tu kama salio lipo.

Saa nayo ina uzito. Kikumbusho kikilia saa 2 asubuhi ukiwa njiani utakifuta kwa kidole, na ndiyo mwisho wake. Kiweke saa ambayo kwa kawaida umekaa, una simu mkononi na mtandao upo, labda saa 2 usiku. Kama ni jambo la kupiga simu ofisini, basi liwe ndani ya saa za kazi.

Kichwa cha kikumbusho kianze na kitenzi na kibebe tarehe ya mwisho. "Intaneti" haisemi kitu. Linganisha na hiki:

```
LIPA intaneti, mwisho tarehe 5
```

Kwenye sehemu ya maelezo andika nambari ya mteja, kiasi cha kawaida, na njia ya kufika kwenye ukurasa wa kulipia au wa kusitisha. Nywila na nambari ya kadi usiziweke humo, hasa kama kalenda unaitumia pamoja na mtu mwingine.

Kiungo ulichokiandika mwenyewe kina faida nyingine. Ukipata ujumbe unaodai usajili wako umeisha na kwamba ubonyeze hapa kulipa, unafungua orodha yako. Kama tarehe haikaribiani na uliyonayo, ujumbe huo unatia shaka. Hata ikikaribiana, unaingia kupitia kiungo chako, si chao.

Mfano mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho

Jumamosi tarehe 17 Oktoba 2026 mtu anajiunga na huduma ya filamu kwa majaribio ya siku 14 bila malipo. Kadi imeshaingizwa. Majaribio yanaisha Jumamosi tarehe 31 Oktoba, na akitakiwa kusitisha saa 24 kabla, mwisho wake ni Ijumaa tarehe 30.

Dakika ileile anayojiunga, kabla hajafungua filamu ya kwanza, anaandika kazi ya tarehe 28, Jumatano, saa 2 usiku: "AMUA filamu, inaanza kukata tarehe 31". Anaongeza kikumbusho cha pili Alhamisi tarehe 29, kwa sababu Jumatano anaweza kuwa na wageni. Huduma nyingine zinakuruhusu kusitisha siku ya kwanza na bado ukaendelea kutazama hadi majaribio yaishe, na hapo hakuna cha kukumbuka kabisa. Nyingine zinakufungia papo hapo. Soma ukurasa wa kuthibitisha kabla ya kubonyeza.

Tuseme ameipenda na ameamua kubaki. Malipo ya kwanza ni tarehe 31 Oktoba, na yajayo yatakuwa 30 Novemba, 31 Desemba, 31 Januari, kisha 28 Februari. Angeweka kikumbusho cha kila tarehe 31, Novemba na Februari kisingelia. Anaweka tarehe 25 ya kila mwezi: "ANGALIA filamu, bado tunatazama? Inakata mwisho wa mwezi". Oktoba inampa siku sita, Februari siku tatu, na mwaka mzima hakuna mwezi unaorukwa. Vile vikumbusho viwili vya majaribio anavifuta, visije vikamzoesha kupuuza mlio.

Namna vinavyokwama, na utakavyojua

Vikumbusho havikutangazii kuwa vimekufa. Dalili ya kwanza ni kukuta makato kwenye taarifa bila kukumbuka simu ilie. Hapo angalia ruhusa ya arifa za programu husika, kisha hali ya kuokoa betri, ambayo kwenye simu nyingi za Android inaweza kuzuia au kuchelewesha programu zisizofunguliwa mara kwa mara. Matukio ya siku nzima nayo yana mipangilio yake ya arifa, tofauti na matukio yenye saa. Ukiacha yale yaliyowekwa tangu awali, unaweza usisikie kitu. Mpe kila kikumbusho saa kamili.

Jaribio lenyewe ni la dakika tano: tengeneza kikumbusho cha uongo cha dakika tano zijazo kwa programu ileile, funga skrini na usubiri. Fanya hivyo kila unapobadilisha simu. Na kabla ya kuiacha ya zamani, hakikisha vikumbusho vimehifadhiwa kwenye akaunti yako, si ndani ya simu peke yake. Ukiingia kwenye akaunti hiyo kupitia kompyuta na ukaviona, vipo salama.

Kadi nayo ina tarehe yake. Kadi iliyoandikwa 08/27 inafanya kazi hadi tarehe 31 Agosti 2027. Weka kikumbusho mwezi mmoja kabla ili ubadilishe taarifa kwenye huduma unazozitaka. Lakini usiitegemee kadi iliyoisha ikusitishie huduma usiyoitaka. Mitandao ya kadi ina utaratibu wa kuwapa wauzaji nambari mpya pale benki inapokutolea kadi nyingine, na makato yakaendelea kana kwamba hakuna kilichobadilika. Kusitisha ni kusitisha, na uthibitisho wake ni barua pepe inayotaja tarehe ya mwisho ya huduma. Usipoipata ndani ya siku moja, rudi ukaangalie tena.

Mwenye jina la tovuti la .com na mengine ya aina hiyo ana msaada kidogo: kanuni za ICANN, shirika linaloratibu majina ya tovuti duniani, zinamtaka msajili, yaani kampuni iliyomsajilia jina hilo, amkumbushe takriban mwezi mmoja na tena takriban wiki moja kabla ya jina kuisha. Shida ni anwani inakotumwa barua hiyo. Kama ni anwani iliyo chini ya jina hilohilo la tovuti, jina likiisha barua pepe nayo inazimika, na onyo la baada ya kuisha halitakufikia. Weka anwani nyingine kwa msajili, kisha weka kikumbusho chako cha kila mwaka siku 45 kabla.

Orodha yenyewe ipitie mara mbili kwa mwaka ukiwa na taarifa ya benki pembeni. Unatafuta vitu viwili tu: makato yasiyo na kikumbusho, na vikumbusho ambavyo havina makato tena. Vya kundi la pili vifute siku hiyohiyo.